Hundi Ikikwama, Deni Liko Palepale

Mwenye duka akipokea hundi kutoka kwa mteja, huandika mambo mawili karibu kwa pamoja. Kwenye daftari la fedha huandika kwamba salio la benki limeongezeka, na kwenye akaunti ya mteja huandika kwamba deni limepungua. Yote mawili huyaandika kabla shilingi hata moja haijafika. Hundi ni karatasi inayoiagiza benki ya mteja ilipe, na kisheria huhesabiwa kuwa malipo yenye sharti: deni huwa limelipwa iwapo benki italipa. Sharti hilo lisipotimia, deni hurudi lilipokuwa, na aliyeandika kwamba limekwisha ana wajibu wa kuandika upya kwamba bado lipo.

Sharti huvunjika kwa njia mbili. Ya kwanza, hundi hupelekwa benki na benki huikataa. Mitaani watu husema hundi imedunda. Ya pili, hundi haipelekwi benki hadi muda wake unapita, na wahasibu huiita hundi iliyochacha. Nchini Kenya, hundi huchacha miezi sita inapopita tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Njia hizi mbili huacha kosa linalofanana katika vitabu: daftari la fedha linadai kuna pesa ambazo hazipo, na orodha ya wadaiwa inamficha mtu anayedaiwa. Masahihisho yake yanakaribiana, lakini hayalingani kwa kila kitu, na pale yanapotofautiana ndipo makarani wengi hujikwaa.

Hundi iliyokataliwa

Tuchukue mfano wa duka la jumla la vyakula mjini Mombasa. Tarehe 3 Julai duka linamuuzia mwenye hoteli mchele na mafuta ya kupikia kwa ankara ya shilingi 200,000. Makubaliano ni kwamba akilipa ndani ya siku kumi atapata punguzo la asilimia 2.5, yaani shilingi 5,000. Tarehe 10 Julai mwenye hoteli analeta hundi ya shilingi 195,000. Karani anamwandikia stakabadhi yenye nambari ya hundi, na hundi inapelekwa benki siku hiyo hiyo.

Katika daftari la fedha, upande wa kushoto, yaani debiti, huandikwa pesa zinazoingia, na upande wa kulia, yaani krediti, huandikwa zinazotoka. Kwa hiyo karani anaandika shilingi 195,000 upande wa debiti katika safu ya benki, na shilingi 5,000 katika safu ya punguzo. Kwenye akaunti ya mwenye hoteli anaandika 195,000 na 5,000 upande wa krediti. Deni la 200,000 limefutika na akaunti inasoma sifuri.

Tangu Kenya ianze mwaka 2011 kupitisha picha za hundi badala ya karatasi zenyewe kati ya benki na benki, jibu huja haraka, kwa kawaida siku ya kazi inayofuata. Tarehe 11 Julai benki inarudisha hundi: akaunti ya mwenye hoteli haina fedha za kutosha. Kwenye taarifa ya benki ya duka, shilingi 195,000 zilizoonyeshwa kuingia zinaonyeshwa kutoka, na chini yake kuna ada ya shilingi 1,000 ambayo benki imetoza kwa kushughulikia hundi iliyorudi.

Sahihisho la kwanza liko kwenye daftari la fedha. Kwa tarehe 11 Julai, karani anaandika shilingi 195,000 upande wa krediti, safu ya benki, pamoja na maelezo mafupi: jina la mteja, nambari ya hundi na neno «imekataliwa». Ingizo la tarehe 10 haligusi. Halifuti, halipigi mstari, wala halipaki wino mweupe. Hundi ilipokelewa kweli tarehe 10 na ikakataliwa kweli tarehe 11, na vitabu vinatakiwa kuyasema matukio yote mawili. Anayetumia programu ya hesabu kwenye kompyuta afuate njia hiyo hiyo: asiifute stakabadhi ya zamani, bali aitengue kwa tarehe ya kukataliwa ili ankara ya 3 Julai ifunguke tena kama isiyolipwa.

Sahihisho la pili liko kwenye akaunti ya mteja. Shilingi 195,000 zinaandikwa upande wa debiti, na deni linafufuka. Karani asiyekuwa makini huishia hapo, na kumbe bado. Akiishia hapo, mwenye hoteli atakuwa amebaki na punguzo la shilingi 5,000 ambalo hakulistahili. Punguzo lilikuwa la kulipa ndani ya siku kumi, naye hakulipa. Kwa hiyo shilingi 5,000 nazo zinarudishwa kwenye debiti ya akaunti yake, na akaunti ya punguzo lililotolewa inaandikwa krediti kwa kiasi hicho hicho. Ingizo hili haligusi benki, kwa sababu punguzo halikuwahi kuwa pesa; huandikwa katika jarida. Sasa mwenye hoteli anadaiwa 200,000, kama alivyodaiwa asubuhi ya 3 Julai.

Inabaki ile ada ya shilingi 1,000. Benki imekwisha kuikata, kwa hiyo ni lazima iandikwe krediti kwenye safu ya benki. Upande wake wa pili hutegemea makubaliano. Ikiwa masharti ya mauzo yanasema mteja atabeba gharama ya hundi iliyokataliwa, ada inaandikwa debiti kwenye akaunti yake, na deni linafika 201,000. Ikiwa hakuna makubaliano ya namna hiyo, ada ni gharama ya duka na inakwenda kwenye akaunti ya gharama za benki. Katika mfano wetu masharti yalikuwa yameandikwa chini ya ankara, kwa hiyo mwenye hoteli anadaiwa 201,000.

Akaunti ya mauzo haiguswi hata kidogo. Wapo wanaoona hundi imerudi wakadhani mauzo yamebatilika, wakapunguza shilingi 200,000 kwenye mauzo ya mwezi. Mchele ulikwisha kutoka ghalani na haukurudi. Mauzo yalifanyika tarehe 3 Julai na yanabaki yamefanyika. Kilichoshindikana ni malipo. Anayepunguza mauzo huharibu hesabu ya faida na pia hesabu ya kodi ya ongezeko la thamani, kwa sababu kodi hiyo inafuata ankara, haifuati hundi.

Sababu ya kurudi na umri wa deni

Hundi haikataliwi kwa kukosa fedha tu. Huenda saini hailingani na ile iliyoko benki, kiasi kilichoandikwa kwa maneno kinapingana na kile cha tarakimu, tarehe bado haijafika, akaunti imefungwa, au mwandikaji mwenyewe ameiamuru benki isilipe. Mhasibu anatakiwa kuisoma sababu iliyoandikwa na benki, kwa sababu ndiyo inayomwambia hatua ya kuchukua. Saini isiyolingana inaweza kuwa haraka tu ya mwandikaji, na hundi mpya italeta pesa siku mbili baadaye. Akaunti iliyofungwa ni habari nzito kuhusu mteja mwenyewe. Hata hivyo, ingizo la vitabuni ni lile lile kwa sababu zote. Vitabu havisubiri kujua kama mteja ni mwongo au ni mzembe. Vinaandika kwamba pesa hazikuingia.

Jambo moja hupotea mara nyingi hapa: umri wa deni. Duka linalokopesha huwa na orodha inayoonyesha nani anadaiwa na tangu lini, iliyogawanywa kwa siku 30, 60, 90 na kuendelea. Deni la mwenye hoteli likiingizwa upya kwa tarehe 11 Julai bila kuunganishwa na ankara yake, litaonekana kama deni changa. Umri wake unaanza tarehe 3 Julai, siku ya ankara. Kwa siku nane tofauti si kubwa, lakini mteja anayerudisha hundi mbili au tatu kwa ankara hiyo hiyo anaweza kuonekana mwenye deni la wiki mbili ilhali hajalipa kwa miezi minne. Kwa hiyo ingizo la debiti kwenye akaunti yake litaje nambari ya ankara ya awali.

Mwenye hoteli akisema, «Irudishe tena benki Jumatatu, pesa zitakuwepo,» na duka likakubali, huo ni upokeaji mpya. Siku hundi inapopelekwa tena, benki inaandikwa debiti na mteja krediti kwa tarehe hiyo. Ikikataliwa tena, inageuzwa tena. Kila tukio lina mstari wake. Akilipa sehemu kwa M-Pesa, tuseme 100,000, apewe stakabadhi mpya ya 100,000 inayotaja ankara ya 3 Julai, na akaunti yake ibaki na 101,000. Hundi ya zamani isirudishwe mkononi mwake mpaka deni lote liishe, kwa sababu ndiyo ushahidi wa duka. Kenya ina kifungu cha 316A katika Kanuni ya Adhabu kinachofanya kuwa kosa la jinai mtu kutoa hundi akijua akaunti yake haina fedha za kutosha, ingawa hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele haimo katika sehemu hiyo ya kifungu. Anayerudisha karatasi mapema hujinyima ushahidi huo.

Hundi iliyochachia kwenye droo

Sasa tugeukie hundi ambayo benki haikuiona kamwe. Tarehe 15 Januari mmiliki wa kibanda cha mikate alileta hundi ya shilingi 80,000 kulipia ankara ya Desemba. Karani aliandika stakabadhi, akaingiza debiti ya benki na krediti ya mteja, kisha akaibana hundi ndani ya faili la stakabadhi, na hapo ikabaki. Kila mwisho wa mwezi ilijitokeza kwenye taarifa ya usuluhisho wa benki, katika orodha ya hundi zilizopokelewa ambazo hazijaonekana benki. Kila mwezi mtu aliinakili kutoka taarifa ya mwezi uliopita bila kuuliza iko wapi. Tarehe 15 Julai miezi sita ilikamilika.

Hundi iliyopokelewa ikikaa kwenye orodha hiyo zaidi ya siku chache, kuna tatizo. Pesa za hundi iliyopelekwa benki leo zinatakiwa kuonekana kesho au kesho kutwa. Iliyokaa mwezi mzima ama haikupelekwa, ama ilipelekwa kwenye akaunti nyingine, ama ilikataliwa na habari hazikumfikia mhasibu. Mhasibu anayeikuta hapo aitafute karatasi yenyewe kwanza. Akiipata kabla ya miezi sita, aipeleke benki siku hiyo hiyo na vitabu visiguswe. Akiipata baada ya hapo, ndipo sahihisho linapohitajika.

Ingizo linafanana na la hundi iliyokataliwa: benki krediti 80,000, akaunti ya mteja debiti 80,000, na maelezo kwamba hundi ya tarehe 15 Januari imechacha bila kupelekwa benki. Tarehe ya ingizo ni ile ambayo jambo lilithibitishwa, tuseme 31 Julai. Haifai kurudi nyuma na kubadilisha vitabu vya Januari vilivyokwisha kufungwa na pengine kukaguliwa.

Ila hapa kuna tofauti mbili na kisa cha mwenye hoteli. Ya kwanza ni punguzo. Kama mwenye mikate alikuwa amepewa punguzo la kulipa mapema, punguzo hilo linabaki lake. Yeye alileta hundi nzuri kwa wakati, na aliyechelewa ni duka. Si haki kumtoza mteja kwa uzembe wa karani, na vitabu visifanye hivyo kimyakimya. Ya pili ni ada: benki haikuishika hundi hiyo, kwa hiyo hakuna ada ya kuandika.

Deni lenyewe halichachi pamoja na hundi. Nchini Kenya madai yanayotokana na mkataba yana muda wa miaka sita kufikishwa mahakamani, na miezi sita ni muda wa karatasi tu. Duka lina haki ya kumwomba mwenye mikate hundi nyingine au malipo ya simu, nalo limrudishie hundi iliyochacha au wakubaliane imefutwa, asije akaogopa kulipa mara mbili. Hundi mpya ikifika inaingizwa kama malipo mapya kwa tarehe yake na stakabadhi yake, na ile ya zamani haihuishwi.

Hata hivyo kuchelewesha hundi kuna hatari ambayo ingizo la vitabuni haliwezi kuiponya. Sheria ya hundi iliyorithiwa kutoka Uingereza inasema kwamba mwenye hundi akichelewa kuiwasilisha kupita kiasi cha busara, na mwandikaji akapata hasara ya kweli kwa sababu ya ucheleweshaji huo, mwandikaji huondolewa wajibu kwa kiasi cha hasara hiyo. Mfano wa wazi ni benki inayofungwa huku pesa za mwandikaji zikiwa ndani. Wakenya wanaikumbuka Oktoba 2015, Benki Kuu ilipoiweka Imperial Bank chini ya usimamizi wa shirika la bima ya amana, kisha Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Mfanyabiashara aliyekuwa na hundi nzuri kwenye droo kwa miezi kadhaa, hundi iliyoandikwa kwenye akaunti ya benki ya namna hiyo, angeweza kuambiwa na mteja wake: ungeipeleka kwa wakati ungelipwa.

Hundi yetu wenyewe ikichacha

Kuna hundi ya tatu katika vitabu vya duka letu, nayo inakwenda upande wa pili. Tarehe 20 Januari duka lilimwandikia fundi wa majokofu hundi ya shilingi 45,000. Fundi hakuipeleka benki. Daftari la fedha linaonyesha pesa zimetoka, lakini benki bado inazo. Miezi sita ikipita, benki inarudishiwa: debiti ya benki 45,000, na krediti ya akaunti ya fundi katika orodha ya wadai, kwa sababu bado tunadaiwa.

Kosa linalofanyika hapa ni kuziandika shilingi hizo kuwa mapato, kana kwamba fundi ametoa zawadi. Asiyepeleka hundi benki hajasamehe deni. Mpigie simu, uliza, andika hundi nyingine. Kama hapatikani, pesa zinabaki kuwa deni, na Kenya ina sheria ya mwaka 2011 ya mali za kifedha zisizodaiwa, inayomtaka mwenye kushikilia mali za namna hiyo azikabidhi kwa mamlaka husika baada ya muda uliowekwa.

Salio la kweli

Sasa tuyakusanye yote tarehe 31 Julai. Kabla ya masahihisho, daftari la fedha la duka lilisoma shilingi 612,000 kwenye safu ya benki.

Salio kabla ya masahihisho: 612,000
Toa hundi ya mwenye hoteli iliyokataliwa: 195,000
Toa ada ya benki: 1,000
Toa hundi ya mwenye mikate iliyochacha: 80,000
Ongeza hundi ya fundi iliyochacha: 45,000
Salio lililosahihishwa: 381,000

Siku hiyo taarifa ya benki yenyewe ilisoma 355,000. Tofauti na 381,000 inaelezeka kwa mambo mawili ya kawaida: hundi ya 60,000 iliyopelekwa benki alasiri ya tarehe 31, ambayo benki ingeionyesha kesho yake, na hundi ya 34,000 ambayo duka lilimwandikia msambazaji tarehe 29 naye hajaipeleka. Ongeza 60,000, toa 34,000, unapata 381,000. Hayo mawili ndiyo yanayoruhusiwa kubaki kwenye taarifa ya usuluhisho, kwa sababu muda utayamaliza wenyewe. Hundi iliyokataliwa na hundi iliyochacha muda hauzimalizi. Zikae mwaka, zikae miaka mitatu, zitabaki pale pale hadi mtu aandike ingizo. Kwa hiyo husahihishwa kwenye daftari la fedha kwanza, kisha usuluhisho hufanywa kwa salio lililosahihishwa.

Kama masahihisho haya yasingefanyika, mwenye duka angeamini ana 612,000 na pengine angemwandikia msambazaji wa unga hundi ya 400,000. Benki ingeikataa, na duka lililodundiwa hundi lingekuwa nalo limedundisha hundi. Hivyo ndivyo hundi moja mbovu inavyosambaa sokoni kutoka kwa mfanyabiashara mmoja hadi mwingine, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kudanganya.

Kwa upande wa wadaiwa, kabla ya masahihisho orodha ilionyesha mwenye hoteli hadaiwi na mwenye mikate hadaiwi. Baada yake, mmoja anadaiwa 201,000 na mwingine 80,000. Jumla ya shilingi 281,000 za duka zilikuwa mikononi mwa watu ambao hakuna ambaye angewapigia simu.

Namna ya kugundua makosa

Duka lenye wateja wengi huwa na akaunti ya udhibiti ya wadaiwa kwenye leja kuu, ambayo salio lake linatakiwa kuwa sawa na jumla ya akaunti zote za wateja mmoja mmoja. Hundi iliyokataliwa huandikwa pande zote mbili: kwenye akaunti ya udhibiti na kwenye akaunti ya mteja husika. Karani akiandika upande mmoja tu, tofauti kati ya hizo mbili itakuwa 195,000 kamili, na anayejua hundi zilizorudi mwezi huo ataitambua nambari hiyo mara moja.

Kosa la pili ni kuandika upande usio wake, yaani kudebiti benki mara ya pili badala ya kuikrediti. Hapo tofauti na benki haiwi 195,000 bali 390,000, kwa sababu kosa la upande hujizidisha mara mbili. Usuluhisho ukikataa kulingana, gawa tofauti kwa mbili, kisha utafute nusu hiyo kati ya hundi za mwezi.

La tatu ni kukimbilia kufuta deni. Hundi ikirudi, wengine huipeleka moja kwa moja kwenye hasara ya madeni mabaya. Mpangilio sahihi una ngazi: kwanza deni linafufuliwa kwenye akaunti ya mteja, kisha, kama kuna dalili kwamba hatalipa, hutengwa kiasi cha deni lenye shaka, na ni baada ya juhudi za kudai kushindikana tu ndipo deni hufutwa. Anayeruka ngazi ya kwanza huondoa jina la mteja kwenye orodha, na mteja huyo anaweza kurudi mwezi ujao kuomba mkopo mwingine akaupata.

La nne hutokea mwisho wa mwaka. Hundi iliyopokelewa tarehe 29 Desemba ikakataliwa tarehe 2 Januari, wakati hesabu za mwaka bado hazijafungwa, inaonyesha kwamba pesa hizo hazikuwepo tangu Desemba. Mizania ya tarehe 31 Desemba ionyeshe deni la mteja, isionyeshe pesa benki.

Kwa anayepokea hundi, kazi yote hii inapungua akishika taratibu tatu. Hundi ipelekwe benki siku ya kupokelewa au kesho yake, isilale kwenye droo. Taarifa ya benki isomwe kila wiki, isisubiri mwisho wa mwezi, ili hundi iliyorudi ionekane wakati mteja bado anakumbuka alichonunua. Na kila hundi iliyozidi wiki mbili kwenye orodha ya usuluhisho iulizwe kwa jina: iko wapi, nani aliipeleka, benki imesema nini. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini mdaiwa hulipa deni analodaiwa, na hadaiwi ambaye jina lake halimo kitabuni. Fungua daftari lako leo, tafuta hundi iliyokaa muda mrefu kuliko zote, na uandike ingizo lake.